Daktari wa usingizi hakuwemo kwenye bima yetu

Bahasha ilifika wiki mbili kabla ya Krismasi ya 2023. Ndani mlikuwa na bili ya dola 2,860 kutoka kwa kikundi cha madaktari wa usingizi ambacho mimi na mke wangu hatukuwahi kukisikia. Anwani yao haikuwa hata ya Texas. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Baba, hawa ni akina nani?" Sikuwa na jibu.

Mwezi Oktoba alikuwa ametolewa kifuko cha nyongo hapa Houston. Maumivu yalimwanza Agosti, usiku, tukamkimbiza idara ya dharura, wakampiga picha na kukuta vijiwe. Upasuaji wenyewe ulipangwa kwa nafasi, kwa hiyo nilifanya kila nilichojua cha kufanya. Niliwapigia bima nikauliza kama hospitali imo kwenye mtandao wao, yaani kama wana mkataba nayo wa bei. Wakasema imo. Nikauliza daktari mpasuaji. Naye yumo. Niliandika tarehe, saa, na namba ya simu ile kwenye daftari, kwa sababu nilishaumwa na nyoka mara moja.

Nyoka huyo alikuwa bili ya 2018, binti yetu alipozaliwa. Wakati wa uchungu mke wangu alichomwa sindano ya mgongo ya kupunguza maumivu. Hospitali ilikuwa ya mtandao, daktari wa uzazi alikuwa wa mtandao, aliyechoma sindano hakuwamo. Ililetwa bili ya dola 2,300. Nilipiga simu bima wakaniambia hospitali imo lakini yule daktari hayumo, basi. Nililipa dola 115 kila mwezi kwa miezi 20. Mtoto alianza kutembea, akaanza kusema, na mimi bado namlipa mtu aliyekaa na mama yake kwa robo saa. Nilipoona hii ya pili nilihisi damu inanipanda kichwani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba hospitali ni kitu kimoja. Kule nyumbani Tanga ukiingia hospitalini unalipa dirishani, na daktari aliyekupasua na aliyekulaza usingizi wote ni wa hospitali ile. Hapa Marekani, mara nyingi jengo, vitanda na manesi ni vya hospitali, lakini daktari wa usingizi, daktari anayesoma picha za eksirei na daktari anayechunguza nyama iliyotolewa maabara ni watu wa kampuni nyingine zilizopewa kazi mle ndani. Kila mmoja anatuma bili yake, na kila kampuni inafunga mkataba wake na bima, au haifungi.

Kwa nini isifunge? Hili nilielezwa na mtu mmoja wa Mombasa ninayesali naye Ijumaa, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya kuandaa madai ya bima hospitalini. Alisema, "Ndugu yangu, daktari mpasuaji anakuhitaji umchague. Akiwa nje ya mtandao wagonjwa wanamkimbia. Lakini daktari wa usingizi humchagui. Unamkuta asubuhi ile ile umeshavaa gauni la hospitali na sindano iko mkononi. Hata asipokuwa na mkataba na bima yoyote, wagonjwa wataendelea kuletwa kwake kwa sababu wanaletwa na ratiba ya chumba cha upasuaji." Ndiyo maana bili za namna hii, kwa miaka mingi, zilitoka zaidi kwa madaktari ambao mgonjwa hana nafasi ya kuwachagua. Wangeweza kumkatalia bima bei ndogo, kisha kumgeukia mgonjwa kwa kiasi kilichobaki.

Huyo huyo ndiye aliyeniambia nisilipe hata senti kwanza. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Zile karatasi mlizopewa hospitalini siku ya kuingia, mmezitupa?"

Hatukuwa tumezitupa. Zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kabati, pamoja na soksi zile za kubana za hospitali. Katikati yake mlikuwa na ukurasa mmoja wenye kichwa cha Kiingereza: Your Rights and Protections Against Surprise Medical Bills. Nilikuwa nimeusaini kwamba nimeupokea, bila kuusoma. Kwa ufupi ulikuwa unasema kwamba ukitibiwa kwenye hospitali ya mtandao wako na daktari asiye wa mtandao, kuna huduma ambazo daktari huyo haruhusiwi kukutoza zaidi ya ambavyo ungelipa angekuwa wa mtandao. Na usingizi ulitajwa kwa jina.

Hiyo ni sheria ya nchi nzima inayoitwa No Surprises Act. Ilisainiwa Desemba 2020 na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2022. Binti yetu alizaliwa kabla sheria hiyo haijakuwapo. Upasuaji wa mama yake, Oktoba 2023, uliangukia ndani ya sheria.

Nilichokihitaji sasa ni kuelewa kwa nini bili imekuja hata hivyo.

Kabla ya bili, bima huwa wanatuma karatasi nyingine yenye kichwa Explanation of Benefits, na mara nyingi imeandikwa kabisa kwamba hiyo si bili. Watu wengi tunaitupa kwa sababu hiyo hiyo. Ni kosa, maana ndiyo karatasi inayoonyesha bima wamefikiria nini. Niliitafuta kwenye akaunti yetu ya mtandaoni. Ya daktari wa usingizi ilikuwa ya Novemba, na ilisema hivi: kiasi kilichodaiwa dola 2,860, kiasi kinachotambuliwa na bima dola 845, bima imelipa sifuri, mgonjwa anaweza kudaiwa dola 2,860. Pembeni kulikuwa na maneno kwamba huduma imetolewa nje ya mtandao.

Rafiki yangu wa Mombasa alinifafanulia namba hizo kwenye meza ya chai, kwa kalamu. Bili za usingizi hazihesabiwi kama bili nyingine. Kila aina ya upasuaji ina vizio vyake vya msingi, yaani vipimo vya kuhesabia malipo. Namba iliyokuwa kwenye bili yetu, 00790, ambayo ni ya usingizi kwa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo, ina vizio 7. Kisha muda unaongezwa, kizio kimoja kwa kila dakika 15. Mke wangu alikaa chini ya nusukaputi dakika 90, kwa hiyo vizio 6. Jumla 13. Kikundi kile kilitoza dola 220 kwa kizio, na 13 mara 220 ndiyo ile 2,860. Bima walihesabu dola 65 kwa kizio, ikawa 845. Ukiijua hesabu hii unaweza kuangalia na kitu kingine: kama dakika zilizoandikwa zinalingana na kumbukumbu ya hospitali ya muda wa usingizi. Zetu zililingana. Daktari hakuwa ameongopa juu ya kazi yake.

Ile 845 haikutoka hewani. Sheria inataka bima, pale ambapo hakuna sheria ya jimbo inayotawala bei hiyo, kutumia bei ya katikati ya mikataba yao wenyewe na madaktari wa kazi hiyo katika eneo hilo. Wanapanga bei walizokubaliana nazo kuanzia ndogo hadi kubwa, wanachukua ya katikati kwa hesabu za mwanzo wa 2019, wanaongeza mfumuko wa bei. Mgonjwa analipa sehemu yake kutokana na bei hiyo, siyo kutokana na bei aliyojiandikia daktari.

Sehemu yetu ilipaswa kuwa ngapi? Bima yetu ina kiasi cha kwanza ambacho kila mtu analipa mwenyewe kwa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, nacho ni dola 1,500. Mke wangu alishakimaliza Agosti, usiku ule wa dharura. Baada ya hapo tunalipa asilimia 20 na bima wanalipa 80. Asilimia 20 ya 845 ni dola 169. Basi. Bima walipe 676, na zile dola 2,015 zinazobaki ni mazungumzo kati ya bima na kikundi cha madaktari. Wasipoelewana ndani ya siku 30 za kazi wanaweza kwenda kwa msuluhishi, kila upande unaweka namba yake mezani, na msuluhishi anachagua moja kati ya hizo mbili. Mgonjwa hahusiki hata kidogo na ugomvi huo.

Kwa hiyo tofauti kati ya bili iliyokuja na bili ya haki ilikuwa dola 2,691. Kwetu sisi hiyo ni kodi ya nyumba na chakula cha mwezi.

Niliwapigia kwanza bima. Dada aliyepokea alikuwa mpole, lakini alirudia mara tatu kwamba daktari hayuko kwenye mtandao. Hapo ndipo nilipojifunza kubadilisha swali. Usibishane kama daktari yumo au hayumo, maana hayumo kweli. Nilimwambia, "Nakubali kwamba hayumo. Nauliza, huduma ilitolewa kwenye jengo gani?" Akakaa kimya, nikasikia anabofya. Akasema kwamba kwenye dai waliloletewa, mahali pa huduma pameandikwa anwani ya jimbo jingine.

Ilikuwa anwani ile ile ya kwenye bahasha, yaani ofisi ya wahasibu wao. Fomu ya dai ambayo madaktari hutuma bima, inayoitwa CMS-1500, ina kisanduku namba 32 cha kuandika jina na anwani ya mahali mgonjwa alipotibiwa. Ilipaswa kuwa hospitali ya Houston. Waliandika ofisi yao. Kompyuta ya bima ilimwona daktari wa nje ya mtandao kwenye anwani isiyo hospitali ya mtandao, ikakosa sababu ya kuliunganisha dai lile na upasuaji, ikalipeleka kwenye fungu la nje ya mtandao. Fungu hilo lina kiasi chake cha kwanza, dola 4,000, ambacho hatukuwa tumekigusa. Ndiyo maana bima walilipa sifuri.

Sisemi walifanya makusudi. Lakini kisanduku kimoja kilichojazwa vibaya kilitosha kuizima sheria nzima kwa upande wetu, na kama nisingeuliza jengo, nadhani ningerudi kwenye kulipa kidogo kidogo kama 2018.

Nilimwomba yule dada mambo mawili: aandike kwenye faili letu kwamba tunaomba dai lihesabiwe upya chini ya No Surprises Act, na anipe namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Kisha nikawapigia wahasibu wa kikundi cha madaktari. Kijana aliyepokea alinipa kwanza punguzo la asilimia 30 nikilipa siku hiyo hiyo. Nilishukuru, nikakataa. Kulipa 2,002 ili kukwepa 2,860, wakati unadaiwa 169, si punguzo. Nikamwambia kisanduku namba 32 kina kosa, watume dai lililosahihishwa, na mpaka bima watakapotoa hesabu mpya naomba wasimamishe bili yetu na wasiipeleke kwa wakusanya madeni. Alisema hawezi kuahidi. Nikaandika barua yenye maneno hayo hayo, nikaituma kwa posta yenye risiti ya kupokelewa. Nakala moja niliiweka kwenye ule mfuko wa plastiki, ambao kwa sasa ulikuwa umekuwa faili.

Kuna jambo nilitaka kuhakikisha wakati nasubiri. Texas ina sheria yake ya bili za namna hii, tangu 2020, lakini haigusi bima zote. Ukiangalia kadi ya bima ya hapa, kama ina herufi TDI au DOI, ni bima inayosimamiwa na jimbo na sheria ya Texas inakuhusu. Kadi yetu haina. Maana yake mwajiri wangu ndiye anayelipa matibabu kwa fedha zake, na kampuni ambayo jina lake liko kwenye kadi inamfanyia makaratasi tu. Watu wengi wanaofanya kazi kwenye makampuni makubwa wako hivyo bila kujua. Hata sheria hiyo ya Texas ingekuwapo mwaka 2018, hilo lingeniacha bila pa kushika. Sheria ya nchi inazifunika bima za aina zote mbili.

Mwishoni mwa Februari 2024 karatasi mpya ya bima ilitokea kwenye akaunti. Kiasi kilichodaiwa 2,860. Kinachotambuliwa 845. Bima imelipa 676. Mgonjwa anadaiwa 169. Nililipa jioni hiyo hiyo.

Ningeishia hapo kama jirani yangu asingegonga mlango mwezi wa Mei.

Ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, anafanya kazi ghalani usiku na ana bima ya kazini. Kiswahili chake na changu hakifanani sana lakini tunasikilizana vizuri. Alishika bahasha mbili. "Papa," alisema, "naomba unisomee hii karatasi. Mimi nilipasuliwa hernia, wananidai pesa ya nyumba."

Bili moja ilikuwa ya daktari wa usingizi, na hiyo ilikuwa sawa kabisa, dola mia na kitu. Nyingine ilikuwa ya mpasuaji mwenyewe: dola 7,400. Hospitali ilikuwa ya mtandao wake. Mpasuaji hakuwa. Kliniki ilimwelekeza kwake, naye alipouliza hospitali kama wanapokea bima yake, wakasema ndiyo, na walisema kweli.

Nilidhani hadithi ni ile ile. Nikawapigia bima pamoja naye, simu ikiwa kwenye spika, na wakatujibu kitu ambacho sikuwahi kukutana nacho: daktari amewaarifu kwamba mgonjwa alisaini kukubali kutozwa bei ya nje ya mtandao.

Hapa ndipo mpasuaji na daktari wa usingizi wanapoachana kisheria, na natamani kila mtu wa kwetu alijue hili kabla ya kulazwa. Daktari wa usingizi haruhusiwi kabisa kukuomba usaini kuacha haki yako. Hata ukisaini, saini hiyo haina nguvu. Ni hivyo hivyo kwa anayesoma picha, wa maabara, msaidizi wa mpasuaji, na madaktari wa zamu wa wodini, kwa sababu hawa huwachagui. Lakini mpasuaji wa upasuaji uliopangwa, ambaye kwa kawaida una nafasi ya kumchagua, anaweza kukuomba. Ukikubali ipasavyo, kinga ya sheria inaondoka kwake, na bili nzima ni yako.

Neno kubwa hapo ni ipasavyo. Kama miadi iliwekwa siku tatu au zaidi kabla, fomu lazima ikufikie si chini ya saa 72 kabla ya huduma. Ikiwekwa siku hiyo hiyo, si chini ya saa tatu kabla. Fomu iwe peke yake, isichanganywe na makaratasi mengine ya kusaini. Iwe na makadirio ya gharama. Ieleze kwamba si lazima usaini na kwamba unaweza kutafuta daktari wa mtandao. Upewe nakala. Na uweze kuielewa: wanatakiwa kuwa nayo katika lugha 15 zinazozungumzwa zaidi katika eneo lile, na kama lugha yako haimo, wakuletee mkalimani anayejua kazi yake.

Nilimuuliza jirani yangu maswali hayo moja moja. Upasuaji ulipangwa lini? Wiki tatu kabla. Fomu aliiona lini? Asubuhi ya upasuaji, saa kumi na mbili, kwenye kompyuta ndogo ya mapokezi. Alisaini mara ngapi? Hakumbuki, mara sita au saba, dada wa mapokezi alikuwa anamwonyesha mahali pa kuweka kidole. Kulikuwa na mkalimani? Wa kuulizia mzio wa dawa na kama amekula, ndiyo, kwa simu. Wa ile fomu, hapana. Alipewa nakala? Hapana.

Tulianza kwa kuomba nakala. Daktari anatakiwa kuitunza fomu hiyo miaka saba, kwa hiyo hawawezi kusema haipo. Ilipokuja, saa ya saini ilikuwa imechapwa na kompyuta chini ya ukurasa: 6:11 asubuhi kwa saa za hapa, siku ya upasuaji wenyewe. Ilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Hatukuhitaji kubishana juu ya kumbukumbu ya mtu yeyote, karatasi yao ilisema yenyewe.

Nilimsaidia kuandika barua kwa bima ya kupinga uamuzi. Kwa kawaida una siku 180 kutoka uamuzi wa bima, lakini usizisubiri. Tuliambatanisha fomu, barua ya miadi iliyoonyesha upasuaji ulipangwa wiki tatu kabla, na aya moja fupi: kibali hiki hakikutolewa saa 72 kabla, hakikuwa katika lugha anayoielewa mgonjwa, hivyo dai lihesabiwe kwa sehemu yake ya mtandao. Siku hiyo hiyo tukapeleka malalamiko serikali kuu, kwa namba 1-800-985-3059. Unaweza kufanya hivyo pia kupitia cms.gov/nosurprises. Kwenye simu nilisema tu neno "Swahili" na wakatafuta mkalimani. Ilichukua dakika kadhaa. Mama alieleza mambo yake mwenyewe, kwa lugha yake, na nilifurahi sana kunyamaza.

Wakati tunasubiri ilikuja barua ya mkusanya madeni. Aliogopa, alitaka kuanza kulipa dola 50 kwa mwezi ili wamwache. Nilimwomba asilipe, kwa sababu mtu akishaanza kulipa kidogo kidogo anaonekana amekubali deni. Ukipokea barua ya kwanza ya namna hiyo una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi, na wakishapata barua yako wanatakiwa kusimama mpaka wakuletee uthibitisho. Tuliandika mistari mitano na kuweka nakala ya malalamiko.

Majibu yalikuja Septemba, miezi minne baada ya kugonga mlango wangu. Bima walilihesabu dai upya kwa masharti ya mtandao. Ofisi ya mpasuaji iliandika kwamba imeondoa salio na imelirudisha deni kutoka kwa wakusanyaji. Hawakueleza kwa nini. Daktari anayevunja sheria hii anaweza kupigwa faini ya hadi dola 10,000 kwa kila kosa, na nadhani mtu mwenye akili ofisini kwao aliiangalia ile 6:11 akaelewa. Mama alilipa asilimia yake 20 ya bei iliyotambuliwa na bima, dola 412, kwa awamu nne.

Kitu kimoja hatukukishinda. Wiki mbili baada ya upasuaji alirudi kwa mpasuaji kuangaliwa kidonda, siyo hospitalini bali ofisini kwake, kwenye jengo la madaktari upande wa pili wa barabara. Sheria inafunika huduma za ndani ya hospitali ya mtandao, au kituo cha upasuaji cha mtandao. Ofisi ya binafsi ya daktari wa nje ya mtandao haimo. Bili ya siku hiyo ilikuwa dola 210. Nilimsomea mara mbili nikitafuta pa kushika, sikupapata.

"Hii ni yao kweli?" aliniuliza.

"Ni yao, Mama."

Alilipa. Uzi uliobaki alienda kutolewa kwenye kliniki ya mtandao wake, baada ya kupiga simu na kuuliza mambo mawili: daktari atakayemwona ni nani, na huyo daktari mwenyewe, siyo jengo lake, yumo kwenye bima yake au hayumo.